Mteja kanyamaza wiki tatu baada ya kotesheni: umtumie meseji, umpigie, uende saiti au ufunge faili?

Nina karakana ndogo ya aluminiamu hapa Dar, tunatengeneza madirisha na milango ya kuslaidi. Kinachonikosesha usingizi kwenye hii kazi si fundi kuvunja kioo wala profaili kupanda bei, ni ile kotesheni uliyokaa nayo mpaka saa tano usiku unapiga hesabu, ukatuma, mteja akajibu "nimeipata, nitakucheki", halafu kimya. Wiki ya kwanza unasema anajipanga, ya pili unaanza kuchungulia simu kila ikilia, ya tatu unajiuliza namtafuta vipi huyu mtu bila kuonekana nina njaa.

Na njaa yenyewe ipo, tusidanganyane.

Njia za kumrudia ni nne tu ukizichuja vizuri: meseji, simu, kwenda mwenyewe saiti, au kumwambia kistaarabu kwamba unafunga faili. Zote nimezitumia na zote zimeshanilipa na zimeshaniaibisha, kwa hiyo hapa simpi mtu ushindi. Ila kabla ya kulinganisha inabidi tuongelee kimya chenyewe, maana vimya havifanani.

Kuna kimya cha mtu ambaye hajafika hatua. Nyumba zetu tunajenga kwa mafungu, si unajua, mtu anakuita upime madirisha wakati mafundi bado wako juu wanapaua, anataka tu kujua ajipange na shilingi ngapi. Hela inaishia kwenye bati. Huyu hajakukataa hata kidogo, ila hawezi kukuandikia "sina hela" kwa sababu ni mtu mzima mwenye heshima zake, basi ananyamaza.

Kuna kimya cha mtu aliyeshapata fundi mwingine. Huyu anajua kabisa kwamba ulitoka Tabata kwa nauli yako ukaja kumpimia bure, kwa hiyo kukuambia "nimempa mwingine" kunamuwia vigumu. Kwetu kumnyima mtu kazi usoni kwake ni kama kumfukuza mgeni, watu wengi wanaona bora wapotee.

Na kuna kimya cha mtu ambaye si yeye anayeamua, hiki ndicho kinatusumbua sana. Unaongea na msimamizi wa ujenzi kumbe mwenye nyumba yuko Maskati au Minnesota, yeye anaforwadiwa tu. Au unaongea na baba kumbe rangi ya kioo anachagua mama. Au ni ofisi, ofisa manunuzi anatakiwa aambatanishe kotesheni tatu na yako ni ile ya kujazia, mshindi walishamjua kabla hujapigiwa.

Kwa hiyo kila njia nitaiangalia kwa mambo manne yale yale: inakugharimu nini, inakupa ukweli kiasi gani, inamuwekaje mteja kwenye suala la aibu, na bei yako inabaki salama au la. Hilo la aibu msilichukulie kama pambo, nadhani ndilo linaloamua zaidi kuliko yote. Mtu akiona kukujibu kutamdhalilisha hatakujibu, hata ukiwa na bei nzuri kuliko wote Dar nzima.

Kitu kimoja cha kufanya kabla ya yote, fungua ile kotesheni yako uisome kama vile wewe ndiye umetumiwa. Je umeandika bei ni pamoja na VAT au bila? Maana mtu akiona milioni nne halafu chini "VAT haijajumuishwa" akapiga asilimia 18 mwenyewe kichwani, anakuta kuna laki saba na ushee ambayo hakuitegemea, anafunga simu. Umeandika bei inadumu mpaka lini? Umetuma PDF inayofunguka kwenye simu ndogo, au picha ya karatasi iliyopigwa upande? Nimewahi kumlaumu mteja wiki mbili kumbe faili halikufunguka kwake na aliona aibu kuniambia nitume tena.

Haya, tuje kwenye njia.

Meseji ya WhatsApp

Nianze na kazi niliyoifanya kwa mzee mmoja wa Goba ili muone ninachomaanisha. Kotesheni yake ilikuwa hivi: madirisha tisa ya futi 5 kwa 5 kila moja 290,000, vidirisha vitatu vya vyooni futi 2 kwa 2 kila kimoja 75,000, mlango mmoja wa kuslaidi 980,000, usafiri na kufunga 285,000. Jumla milioni 4 na laki moja. Nilituma Jumatatu, akajibu "nimeipata kijana wangu, nitakutafuta". Wiki moja na nusu kimya, nikaandika "Shikamoo mzee, vipi kuhusu ile kotesheni?" Tiki za bluu, hakuna jibu. Siku tano baadaye nikaandika tena "Mzee wangu nakukumbusha tu". Bluu. Hakuna kitu.

Nikakaa nikaisoma ile meseji yangu na nikaona shida iko wapi. "Vipi kuhusu ile kotesheni" ni swali ambalo lina majibu mawili tu, ndiyo nakupa kazi au hapana sikupi, na huyu mzee hakuwa na jibu lolote kati ya hayo. Nilikuwa namdai jibu ambalo hana. Na ile ya pili ya kukumbusha ndiyo mbaya kabisa, maana mtu hajasahau, anakumbuka vizuri sana, ndio maana anakukwepa.

Wiki ya tatu ikiisha nikaandika hivi:

"Shikamoo mzee. Nauliza, plasta ya ndani imeshapigwa? Vile vipimo nilichukua kabla ya plasta, nikikatia vile fremu hazitaingia. Kama bado, usijali, nitakuja kupima upya bure ikishakamilika."

Alijibu ndani ya saa moja. "Marahaba. Bado fundi, hela imeishia kwenye bati. Labda mwezi wa tisa."

Ile haikuwa janja. Tundu la futi 5 ni sentimita 152 na kidogo. Plasta ya milimita 15 kila upande inakula sentimita 3, na hapo ni kama fundi plasta kapiga sawasawa, kitu ambacho mimi bado sijakiona. Ukikata fremu kwa kipimo cha tofali tupu, siku ya kufunga unaanza kugombana na ukuta, unachonga plasta ya mtu na nyundo na mwenye nyumba amesimama pale anakuangalia. Kwa hiyo swali lilikuwa la kweli, lilikuwa linamsaidia yeye, na zaidi ya yote lilikuwa linajibika kwa neno moja bila kugusa hela. Hela aliitaja mwenyewe alipoona hadaiwi.

Sasa kwa vile vigezo. *Gharama*: karibu bure, dakika mbili, ila ukiandika ovyo inagharimu nafasi, maana huwezi kutuma meseji sita ukabaki na heshima. *Ukweli*: wa kati. Ukiuliza swali la kazi unapata ukweli mzuri kuliko ukiuliza swali la hela, lakini aliyekwisha kupata fundi mwingine anaweza kuiacha tu ikae bluu, na wapo waliozima zile tiki za bluu kwa hiyo hata hujui kama kasoma. Tiki moja ya kijivu siku nne mfululizo ni habari nyingine, ama simu imezimwa, ama kabadili laini, ama kakubloku, hapo meseji ya pili haina maana. *Aibu*: hapa ndipo inaposhinda, mtu anajibu kwa wakati wake, hasikii sauti yako, anaweza kufikiri namna ya kukukatalia vizuri. *Bei*: iko salama ilimradi hujaigusa. Ukimalizia na "punguzo lipo mzee" umeshajikata mwenyewe kabla hujaombwa.

Inawafaa wateja wa nyumba binafsi, hasa wale wa "hajafika hatua". Haiwafai ofisi sana, kule meseji ya WhatsApp inasomwa kama soga. Na tafadhali voisi ya dakika mbili usitume, mtu yuko kwenye daladala hawezi kuisikiliza, ataiweka mpaka aisahau.

Simu

Simu inaogopwa pande zote mbili, mpigaji na mpigiwa. Mimi naiheshimu lakini nimejifunza masharti yake kwa kuumia.

*Gharama*: vocha kidogo na moyo mwingi. *Bei*: hapa iko hatarini kuliko njia zote, na sababu ni ndogo sana. Mteja akinyamaza sekunde tatu upande wa pili unapata kiwewe unajaza kile kimya kwa kusema "lakini tunaweza kuongea mzee". Hujaulizwa! Kakaa kimya kwa sababu alikuwa anahamisha simu sikio. Mwenzangu mmoja wa karakana ya jirani alishusha laki tatu kwa mtindo huo, na yule mteja alikuwa anapiga kumwambia aanze kazi.

*Ukweli*: simu inakupa vitu ambavyo maandishi hayana. Unasikia anavyovuta pumzi kabla ya kusema "eeh, ile ya madirisha". Kama anakukumbuka haraka, ukataja jina akasema "ndio ndio fundi wa kule Tabata", uko hai. Kama inabidi umkumbushe mara mbili wewe ni nani, kotesheni yako haikujadiliwa hata siku moja. Ila simu pia inazalisha uongo wa heshima kuliko njia yoyote, maana umemshtukiza na lazima atoe jibu sasa hivi. "Niko kwenye kikao." "Nitakupigia jioni." "Wiki ijayo inshallah." Hizo si habari, ni mlango unafungwa taratibu usikubane vidole. Dalili ya jibu la kweli ni kwamba linakuja na kitu ndani yake, siku, jina la mtu, kiasi, hatua ya ujenzi. "Nasubiri mke wangu arudi kutoka Moshi Jumamosi" ni jibu. "Tuko pamoja mkuu" si jibu.

*Aibu*: juu. Ndio maana sentensi ya kwanza inabidi imtoe kitanzini kabla hajajinyonga na uongo. Mimi siku hizi nasema hivi baada ya salamu: "Mama, sikupigii kudai jibu, nina swali moja tu la ile kazi, na kama umeshampa fundi mwingine niambie tu bila wasiwasi nifunge hesabu zangu." Kile kipande cha mwisho kinafanya kazi ya ajabu. Nimekisema nikasikia mtu anashusha pumzi kabisa, "aah baba, kweli nilishampa kijana wa shemeji yangu". Sawa. Nimepoteza kazi ambayo nilishaipoteza zamani, ila nimepata usingizi na nimebaki na mama ambaye ananiona mtu wa maana.

Muda nao. Mfanyakazi wa ofisini usimpigie asubuhi ya Jumatatu, mpigie saa nne nne hivi au jioni akishatoka kazini. Ijumaa mchana kwa Muislamu acha kabisa. Asipopokea usirudie siku hiyo, tuma meseji fupi useme ulikuwa unapiga kwa ajili gani, yeye ataamua. Na kubipu mteja, jamani, mtu unayemtaka akupe milioni nne unambipu?

Inafaa pale ambapo mwanzo mlikuwa mnaongea kwa simu, au meseji imekaa tiki moja siku kadhaa, au ni ofisi na unataka kujua nani ana faili. Ukipiga ofisini usiulize "mmeamua?", uliza "hii kotesheni iko hatua gani na bado mnahitaji nini kutoka kwangu?". Ofisa manunuzi anaweza kujibu hilo bila kuvunja sheria zake. Na kwa taasisi za serikali kumbuka mwaka wao wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo kimya cha mwezi wa tano na wa sita mara nyingi ni kimya cha kasma iliyokauka tu, utakuwa unamsumbua mtu ambaye hana la kufanya.

Kwenda mwenyewe saiti

Ninaposema kwenda nasema saiti, kwenye ujenzi. Nyumbani kwa mtu anakolala au ofisini kwake bila miadi usiende, hiyo inaitwa kumvizia.

*Gharama*: kubwa kuliko zote. Tabata mpaka Goba na kurudi ni nusu siku imekwenda, na fundi wako karakanani hana mtu wa kumwangalia. Kwa kotesheni ya vidirisha viwili haikulipi. Kwa milioni nne inalipa, hasa ukiwa na wateja wawili upande huo huo.

*Ukweli*: hapa hakuna njia inayoikaribia. Ukuta haudanganyi. Ukifika ukakuta plasta haijaguswa na majani yameota sebuleni unajua hela imekata, acha kumsumbua mtu. Ukikuta plasta imekauka na mafundi umeme wanavuta waya, huyo anahitaji madirisha ndani ya wiki chache na kama hajakupigia basi kuna mwenzako anazungumza naye. Na ukikuta fremu za mtu mwingine zimeshasimama, imekwisha. Hiyo imenikuta Madale, nilisimama getini kama nimemwagiwa maji. Mlinzi akaniambia "wamefunga juzi". Nilimwandikia mwenye nyumba kumpongeza, nikamuuliza bafu atalifunga kwa pazia au kioo, na kweli kazi ya mlango wa kioo wa bafu nikapata mimi. Ila hiyo ilikuwa bahati, sitaki mtu aende saiti kwa kutegemea hivyo.

*Aibu*: inategemea umeaga au hujaaga. Mwandikie jana yake: "Kesho nitakuwa na kazi Goba, naomba nipite nihakiki vipimo dakika kumi, hata kama haupo." Akisema sawa umeshapata jibu nusu. Akisema "kesho hapana, subiri kwanza" nalo ni jibu. Akinyamaza usiende.

*Bei*: kwa mwenye nyumba iko salama, kwa msimamizi ndiyo kuna mtego na hapa nikae kidogo maana umewaponza wengi. Mwenye nyumba akiwa nje, msimamizi (mara nyingi ni mdogo wake au rafiki yake) anachukua kotesheni yako anaweka cha juu kisha ndio anaituma. Yako ilikuwa 4,100,000, kule Maskati imefika 4,900,000, mwenye nyumba kashtuka, kanyamaza, na msimamizi naye kanyamaza kwako kwa sababu hawezi kukueleza kilichotokea. Ukimtafuta mwenye nyumba moja kwa moja ukataja bei yako umemchoma msimamizi, na yeye ndiye mwenye funguo za saiti, ndiye atakayesema fremu zako zimepinda. Usipomtafuta kazi inakufa. Mimi nimechagua hivi: namwambia msimamizi waziwazi kwamba kotesheni yangu inatoka na muhuri na jina la mwenye nyumba, na kama yeye ana gharama zake za usimamizi aziandike kwenye karatasi yake mwenyewe. Wengine wananiacha. Nimekubali hilo. Wapo mafundi wenzangu wanaona huo ni ugumu wa bure, wanamuuliza tu msimamizi "chako kiasi gani" wanakiingiza ndani, na kazi wanapata, sitawasema. Ila ikija kugundulika jina linalochafuka ni la fundi.

Inafaa kazi kubwa, na inafaa zaidi pale unapohisi unayeongea naye si mwamuzi.

Kufunga faili

Hii watu wanaikwepa kwa sababu wanaona ni kujitoa wenyewe. Kiufupi unamwandikia mteja kwamba kotesheni inaisha muda siku fulani na baada ya hapo hutamtafuta tena, mlango uko wazi akiwa tayari. Yangu inakaa hivi:

"Habari kaka. Kotesheni ya tarehe 3 inaisha muda Ijumaa hii, baada ya hapo nitaifunga kwenye daftari langu na bei ya profaili nitaiangalia upya ukihitaji. Kama mipango imebadilika wala usijali, ukiwa tayari wakati wowote nitakupimia tena. Asante kwa kunipa nafasi."

*Gharama*: hakuna, ila unaitumia mara moja tu kwa mteja mmoja. *Ukweli*: ajabu ni kwamba mtu aliyekausha meseji zote za kubembeleza huwa anajibu hii. Nadhani ni kwa sababu haimdai kitu, au kwa sababu kitu kikitaka kuondoka ndio unakishika. Wengine wanajibu "samahani kaka nilishamalizana na fundi mwingine", na hilo ndilo jibu ulilokuwa unalitafuta wiki zote hizo. *Aibu*: haipo karibu kabisa, umemtua mzigo. *Bei*: imelindwa kuliko njia zote, umesema ina mwisho na hukusema itashuka.

Shida yake ni kwamba lazima iwe kweli. Profaili nyingi zinatoka nje na bei dukani inafuata dola, kwa hiyo kusema nitaangalia upya si kitisho, ndivyo ilivyo. Lakini ukiandika "ofa inaisha kesho" halafu wiki ijayo unampigia kwa bei ile ile, umejivua nguo. Na kama kwenye kotesheni hukuandika tarehe ya mwisho tangu mwanzo, sasa hivi inaonekana umeitunga. Mimi naandika siku 30, fundi mwenzangu anaandika 14 kwa sababu hana stoo ya kuweka profaili, ananunua kazi ikiingia.

Usiitumie mapema. Wiki ya pili ukimfungia mtu faili unaonekana umenuna.

Sasa suala la punguzo limejipenyeza kote humu kwa hiyo niliseme sehemu moja. Usishushe bei mpaka mteja mwenyewe aseme kwa mdomo wake kwamba tatizo ni bei, na hata akisema, shusha kazi, bei ya dirisha iache pale pale. Yule mzee wa Goba nilimpangia mafungu mawili. La kwanza madirisha matano ya vyumba vya kulala na vile vitatu vya vyoo, 1,450,000 jumlisha 225,000, na usafiri na kufunga 160,000, jumla 1,835,000. La pili manne ya sebule na jikoni pamoja na mlango wa kuslaidi, 2,300,000 na usafiri wake ndani. Ukijumlisha inazidi ile ya kwanza kwa 35,000 kwa sababu gari linakwenda mara mbili, na nilimwambia hivyo hivyo. Hakulalamika. Angelalamika kama ningeshusha dirisha kutoka 290,000 hadi 240,000, angejiuliza ile hamsini nilitaka kuipeleka wapi mwanzo.

Kwa hiyo unachagua vipi. Kama ni nyumba ya mtu binafsi, uliongea naye mwenyewe na hujui kimetokea nini, anza na meseji yenye swali la kazi, si la hela, kisha mpe wiki nzima. Kama meseji haifiki, au ni mtu mzima ambaye WhatsApp yenyewe anafunguliwa na mjukuu, piga simu na umwambie mapema kwamba kukataa ni ruksa. Kama kazi ni kubwa na kuna msimamizi katikati, omba upite saiti, ukuta utakueleza, ukishindwa mwulize mlinzi. Kama ni ofisi, simu moja ya kuuliza hatua, halafu barua pepe ya kufunga faili, na usikae unaisubiri kotesheni ya tatu kana kwamba ni ya kwanza. Kama umeshamtafuta mara mbili kwa njia yoyote na hakuna kitu, ya tatu iwe ya kufunga, hata kama moyo unauma. Na kama una deni la kodi ya karakana na mkono unatetemeka kutaka kuandika "mzee nipunguze kiasi gani", weka simu chini nenda kakate fremu za mtu aliyelipa advansi.

Yule mzee alipiga mwenyewe mwezi wa tisa ukielekea mwisho, akasema plasta tayari, njoo na futi yako. Nikaenda. Dirisha la chumba kikubwa ambalo kwenye daftari langu lilikuwa sentimita 152, lilisoma 148 na nusu.